Presha ya chini kwa kijana mwenye afya: wakati wa kuiacha na wakati wa kuichunguza

Katika kliniki ya magonjwa ya moyo huwapokea vijana wengi walioletwa kwa sababu moja tu: mashine imeonyesha namba iliyo chini ya 90/60. Wengi wao hawaumwi popote. Wamepimwa kabla ya kuchangia damu au kabla ya kuajiriwa, wakaambiwa wana presha ya kushuka, na tangu siku hiyo kila uchovu na kila maumivu ya kichwa husingiziwa presha. Wengine wameshaanza kujaza chumvi kwenye chakula, jambo ambalo mtu mwenye afya njema hana sababu ya kulifanya.

Ugumu unaanzia kwenye namba yenyewe. Mpaka wa juu wa presha uliwekwa kwa sababu tunajua kwamba kadiri presha ya kawaida ya mtu inavyopanda, ndivyo hatari ya kiharusi na ya ugonjwa wa moyo inavyoongezeka. Mpaka wa chini hauna msingi wa namna hiyo. Namba 90/60 ni makubaliano yanayomsaidia mhudumu kushtuka mapema anapokutana na mtu anayevuja damu au mwenye maambukizi makali, lakini kwa kijana anayeishi siku zote na presha ya 92/56, namba hiyo huashiria mishipa iliyotulia. Wanawake vijana wembamba na watu wanaofanya mazoezi ya kukimbia au kuogelea kwa miaka mingi ndio wanaokuwa hivi mara nyingi.

Ubongo wa kijana huyo mwenye 92/56 nao haukosi damu. Shinikizo la wastani ndani ya mishipa hupatikana kwa kuchukua namba ya chini na kuongeza theluthi ya tofauti kati ya namba mbili. Kwa 92/56 tunapata 68. Mishipa ya ubongo wa kijana mwenye afya hujipanua yenyewe shinikizo linaposhuka, kiasi kwamba kwenye 68 damu inayopita bado inatosha kabisa. Ndiyo maana mtu huyu anasoma, anafanya kazi na kupanda ngazi bila kujua kwamba ana presha ya chini, mpaka siku anapopimwa.

Nieleze mmoja, nikiwa nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike. Ni msichana wa miaka 22, mwembamba, aliyekataliwa kuchangia damu baada ya kupimwa na kupatikana na 88/54. Alikuja na mama yake, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa: “Daktari, atapewa dawa gani ya kuipandisha?” Kabla ya kulijibu nilipima mzunguko wa mkono wake wa juu, nikapata sentimita 22. Mkanda wa watu wazima wa saizi ya kawaida ni mpana mno kwa mkono kama huo, na mkanda mpana kupita kiasi hushusha namba kuliko ilivyo. Mkono nao ukiinuliwa juu ya usawa wa moyo, kila sentimita 10 hupunguza takriban milimita 7 au 8 za zebaki. Nilipotumia mkanda mdogo, mkono ukiwa umeegemezwa kwenye usawa wa moyo, namba ilikuwa 94/58.

Baada ya hapo nikafanya kipimo ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko vingine vyote katika suala hili, nacho hakihitaji chochote zaidi ya kitanda, saa na mashine ya presha. Mgonjwa hulala chali kwa dakika tano, akapimwa presha na mapigo ya moyo. Kisha husimama bila kuegemea kitu, akapimwa tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu, huku akiulizwa anajisikiaje. Mtu anaposimama, kati ya mililita 500 na 800 za damu huteremkia miguuni na tumboni. Vipokezi vilivyomo katika mishipa ya shingo na ya kifua hugundua upungufu huo mara moja. Mapigo huongezeka kidogo na mishipa midogo hukaza. Kipimo hiki kinatuonyesha kama mfumo huo unafanya kazi, jambo ambalo namba moja iliyochukuliwa mtu akiwa ameketi haiwezi kutuonyesha.

Msichana yule alipolala alikuwa na 94/58 na mapigo 58 kwa dakika. Dakika moja baada ya kusimama alikuwa na 92/62 na mapigo 70, na kwenye dakika ya tatu 94/64 na mapigo 72. Hakusikia kizunguzungu. Alikiri tu kwamba anapoinuka ghafla baada ya kuchuchumaa kwa muda, macho huingia giza kwa sekunde chache kisha hupona. Hilo hutokea kwa vijana wengi, kwa sababu presha hushuka kwa nguvu katika sekunde 15 za mwanzo kabla mishipa haijakaza, na kwa kawaida hurejea ndani ya nusu dakika. Dawa yake ni kuinuka taratibu, kukaza misuli ya mapaja na makalio wakati wa kusimama, na kunywa maji ya kutosha. Uzito wake haukuwa umebadilika, hedhi yake ilikuwa ya kawaida, hakuwa anajinyima chakula, hakutumia dawa yoyote, na himoglobini yake ilikuwa nzuri.

Nilimwambia mama yake kwamba hakuna dawa ya kumpa kwa kuwa hakuna ugonjwa. Nilichofanya ni kuandika namba zake za kawaida kwenye kadi yake, nikamwomba aionyeshe kila anapotibiwa. Siku akipata ujauzito kadi hiyo itakuwa na kazi kubwa: presha ya 132/84 haijafikia mpaka wa 140/90 unaotumika kwa wajawazito, lakini kwa mtu ambaye kawaida yake ni 94/58 ni mpando mkubwa unaodai afuatiliwe kwa karibu.

Sasa nimlinganishe na kijana wa miaka 26 ambaye namba zake zilionekana bora kuliko za msichana yule. Alipoketi alikuwa na 104/66, na aliyempima aliandika kwamba presha ni nzuri. Malalamiko yake yalikuwa uchovu wa miezi kadhaa, kichefuchefu na kupungua uzito kilo saba bila kukusudia. Kitu cha kwanza kilichonitia shaka kilikuwa karatasi ya uchunguzi wa ajira ya mwaka uliotangulia, ambamo presha yake ilikuwa 128/80. Kijana haamki siku moja akawa na presha ya chini ya kimaumbile. Hiyo ni hali ambayo mtu huwa nayo tangu ujana wake wa mwanzo, na presha iliyoshuka kutoka pale ilipokuwa inataka maelezo hata kama bado iko juu ya 90/60.

Kipimo cha kusimama kilimaliza shaka. Akiwa amelala alikuwa na 106/68 na mapigo 92. Dakika tatu baada ya kusimama alikuwa na 80/54 na mapigo 122, akaomba aketi. Tunaita mshuko wa kweli pale namba ya juu inapopungua kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu. Yeye alipungua 26 na 14. Mapigo yaliyopanda kwa kasi kiasi hicho yalionyesha kwamba neva zake zilikuwa zinajitahidi, bali maji ndani ya mishipa hayakutosha. Alikuwa hatapiki sana wala haharishi, wala hakukuwa na dalili ya kuvuja damu. Maji na chumvi vilikuwa vinakwenda wapi?

Nilipomuuliza kuhusu chakula alisema kwamba siku hizi hulamba chumvi kutoka kiganjani. Nikamtazama mdomoni na viganjani. Kwenye ngozi nyeusi ni rahisi kutogundua weusi unaoongezeka usoni, kwa hiyo huangalia mistari ya viganja, makovu mapya na fizi, na huuliza kama weusi huo ni wa siku nyingi, kwa kuwa watu wengi wenye afya wana fizi nyeusi tangu kuzaliwa. Wake ulikuwa mpya. Kaka yake aliyemsindikiza alithibitisha. Sodiamu katika damu ilikuwa 127, chini ya kawaida, na potasiamu 5.7, juu ya kawaida. Kotisoli ya saa mbili asubuhi, wakati ambapo inapaswa kuwa juu, ilikuwa chini sana, na haikupanda baada ya sindano ya mikrogramu 250 za homoni ya kuichochea. Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimeshindwa kazi. Huu ni ugonjwa wa Adisoni, ambao unaweza kuletwa na kinga ya mwili inayoshambulia tezi hizo au na kifua kikuu, na usipotibiwa huua. Alianzishiwa haidrokotisoni na fludrokotisoni siku hiyohiyo, na uchunguzi wa chanzo ukaendelea baadaye. Mgonjwa wa namna hii akija akiwa anatapika na amelegea, sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na maji ya chumvi kwenye mshipa havisubiri majibu ya maabara.

Si kila anayeumwa anaposimama atashuka presha. Wapo vijana, wengi wao wasichana, ambao presha haishuki lakini mapigo hupanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, au 40 kwa walio kati ya miaka 12 na 19, pamoja na kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kushindwa kuendelea kusimama. Anayepima presha peke yake bila mapigo atawakosa wote, na mara nyingi wataambiwa kuwa ni wasiwasi tu.

Kuzimia nako kunahitaji kuulizwa kwa makini. Kijana aliyesimama muda mrefu kwenye joto au aliyeona damu, akatokwa jasho, akasikia kichefuchefu, akaona giza kisha akaanguka na kuzinduka upesi, kwa kawaida amepata mzimio wa kawaida usiodhuru moyo. Hali ni tofauti kabisa kwa aliyezimia katikati ya mazoezi, aliyezimia akiwa amelala, aliyeanguka ghafla baada ya moyo kwenda mbio, au mwenye ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 40. Huyo simjadili presha yake kwanza. Anapimwa umeme wa moyo siku hiyohiyo na moyo wake huangaliwa kwa altrasaundi, na mazoezi husimama mpaka majibu yawe yamesomwa na mtu anayeyajua. Na mwanamke kijana anayezimia huku ana maumivu ya tumbo na hedhi iliyochelewa hupimwa ujauzito papo hapo, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaweza kuwa inavuja damu ndani huku presha ya mwanzo ikiwa bado inasomeka 100/64.