Mzigo wa mwisho kufika: dhana potofu kuhusu usafirishaji wa kuwahi muda

Mbegu za mahindi ziko kwenye maghala mawili, tani 50 Kigoma mjini na tani 50 Tabora mjini. Kibondo wanahitaji tani 30, Uvinza 30, Urambo 40. Mvua inakaribia, hivyo kinachotafutwa ni zote ziwe zimefika mapema iwezekanavyo. Saa za safari, kwa mfano huu, tuziweke hivi: kutoka Kigoma, Uvinza ni 2, Kibondo 5, Urambo 8. Kutoka Tabora, Urambo ni 2, Uvinza 7, Kibondo 9.

Dhana: Andika saa mahali pa shilingi, kisha kokotoa kama kawaida ya gharama nafuu.

Hili ndilo kosa linalowanasa wengi, hata waliosoma hesabu hizi vizuri. Njia ya gharama hutafuta mgawanyo wa mzigo wenye jumla ndogo kabisa ya shilingi; ukiweka saa, huzidisha tani kwa saa na kujumlisha. Kwa jedwali letu itakwambia hivi: Tabora ipeleke 40 Urambo na 10 Kibondo, Kigoma ipeleke 30 Uvinza na 20 Kibondo. Jumla ni 330, na hakuna mpango wenye jumla ndogo zaidi. Lakini malori yanaondoka pamoja, kwa hiyo kazi inaisha pale lori la mwisho linapofika, yaani saa ya 9. Sasa zile tani 10 za Tabora ziende Uvinza, na Kigoma ipeleke 20 Uvinza na 30 Kibondo. Jumla inapanda hadi 340, ila kila mkulima ana mbegu ndani ya saa 7.

Dhana: Huwezi kuthibitisha kwamba 7 ndiyo mwisho bila kompyuta.

Unaweza, kwa kuweka ukomo. Jaribu 5: futa kila njia inayozidi saa 5. Tabora inabaki na Urambo peke yake, inayopokea 40, na tani 10 zinakosa pa kwenda. Haiwezekani. Pandisha hadi muda unaofuata kwenye jedwali, 7: njia ya Tabora–Uvinza inafunguka na mzigo wote unapita. Basi 7 ndiyo jibu. Tatizo hili mwanahisabati Peter Hammer alilichapisha mwaka 1969, na wazo la ukomo bado linafanya kazi kwenye karatasi.

Dhana: Ukipunguza mzigo kwenye njia ndefu, umeokoa muda.

Tani 10 au tani 1 kutoka Tabora kwenda Kibondo, ni saa 9 zilezile. Muda unashuka njia hiyo ikibaki tupu kabisa.

Yote haya yanasimama endapo malori yanatosha kuondoka kwa mkupuo mmoja. Lori moja la tani 10 likipewa tani 30 za Kibondo, litakwenda mara tatu na kurudi mara mbili. Hapo wingi wa mzigo unageuka kuwa muda, na saa 5 za jedwali zinakuwa 25.