Mibofyo 420 kutoka Mwanza, mauzo sifuri: ni wakati gani eneo linastahili kuenguliwa

Mteja wangu mmoja anauza magodoro na vitanda jijini Dar es Salaam, na gari lake la kupeleka mizigo haliendi zaidi ya Kibaha na Bagamoyo. Kampeni yake ya Google Ads ililenga mikoa miwili tu, Dar es Salaam na Pwani, lakini tulipofungua ripoti ya maeneo ya siku 60 tulikuta mibofyo ya Mwanza, Mbeya, Nairobi na hata Oman. Swali lake la kwanza lilikuwa ni vipi tangazo lilifika Mwanza ilhali hakuilenga. La pili lilikuwa amri zaidi kuliko swali: toa yote yasiyouza. Nilitii nusu tu ya amri hiyo, na nitaeleza kwa nini. (Tarakimu nimezizungusha ili nisianike hesabu za duka lake.)

Kuhusu swali la kwanza, kampeni mpya huja ikiwa imewekwa kwenye chaguo linaloitwa `Presence or interest`. Maana yake ni kwamba tangazo haliwaendei waliopo katika eneo lengwa peke yao, bali pia wale walioonyesha kuvutiwa na eneo hilo. Mtu aliyeketi Mwanza akiandika "bei ya magodoro Dar es Salaam" anahesabiwa kuwa ameonyesha hamu na Dar es Salaam. Chaguo la pili, `Presence`, linabakiza walio ndani ya eneo au wanaofika huko mara kwa mara.

Ukisoma ripoti bila kutenganisha makundi haya mawili utajidanganya, kwa sababu mbofyo wa mtu aliye Mwanza unaweza kuhesabiwa chini ya Dar es Salaam, eneo alilolitamani. Mimi huyatenganisha kwa hoja hii fupi, ambayo huiendesha ndani ya skripti ya akaunti:

```
SELECT campaign.name,
  geographic_view.location_type,
  segments.geo_target_region,
  metrics.clicks, metrics.conversions
FROM geographic_view
WHERE segments.date
  BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-04-29'
```

Mstari wenye `LOCATION_OF_PRESENCE` unahusu mahali mtu alipokuwa, na wenye `AREA_OF_INTEREST` unahusu mahali alipopataka. Uamuzi wa kuengua hufanywa kwa kundi la kwanza, kwa kuwa eneo lililoenguliwa huzuia watu waliomo humo kimwili, si wale wanaoulizia habari zake wakiwa kwingine.

Baada ya kutenganisha, Dar es Salaam ilibaki na mibofyo 2,350 na mauzo 24, yaani takribani uzo moja kwa kila mibofyo mia. Mwanza ilikuwa na mibofyo 420 na mauzo sifuri, na Oman mibofyo 95, nayo mauzo sifuri. Katika ripoti, sifuri hizi mbili zinafanana kabisa. Uzito wake, hata hivyo, ni tofauti sana.

Chukulia kwamba Mwanza ingekuwa inauza kwa kiwango kilekile cha Dar es Salaam, asilimia moja. Uwezekano wa mbofyo mmoja kutozaa uzo ni 0.99, na wa mibofyo 420 mfululizo kutozaa chochote ni 0.99 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 420, ambayo ni kama 0.015. Bahati mbaya ya namna hiyo hutokea mara moja au mbili katika mia, kwa hiyo ni halali kuamini kwamba Mwanza kweli hainunui. Kwa mibofyo 95 ya Oman, hesabu hiyohiyo inatoa karibu 0.38. Hata kama Oman ingekuwa soko zuri sawa na Dar es Salaam, zaidi ya theluthi moja ya ripoti kama hizi zingeonyesha sifuri. Ndiyo sababu sigusi eneo lolote kabla halijafikisha mibofyo mara tatu ya ile inayohitajika kupata uzo moja. Kwa duka hili ni 300. Anayeuza bidhaa ambayo hununuliwa mara moja katika mibofyo 400 atalazimika kusubiri 1,200, na wengi hawana subira hiyo.

Kabla ya kuengua niliomba pia daftari la oda, maana kilichokuwa kinahesabiwa kama mauzo ni fomu ya tovuti peke yake, ilhali oda nyingi za Dar es Salaam hukamilishwa kwa simu au WhatsApp na kulipiwa kwa pesa za mtandao. Dada anayepokea oda alifunua kurasa tatu, akaniambia, "Kaka, hawa wa Maskati ndio wasiopunguza bei." Katika siku zile 60 zilikuwamo oda tatu zilizoamuliwa na Watanzania wanaofanya kazi Oman, waliokuwa wakiweka samani katika nyumba za wazazi wao Tabata na Mbezi. Walioona tangazo walikuwa Maskati, lakini aliyepiga simu na kulipa alikuwa ndugu aliye Dar es Salaam. Ripoti isingeweza kuziona oda hizo hata tungesubiri mwaka. Kwa upande wa Mwanza, daftari lilikuwa na maulizo mengi ya bei ya jumla, na hakuna hata moja lililofika kwenye malipo.

Tungebadili mpangilio kuwa `Presence` na kuishia hapo, Mwanza ingetoka, na Oman ingetoka nayo. Kwa hiyo tuliigawa kampeni. Ya kwanza inalenga Dar es Salaam na Pwani kwa `Presence`, na Mwanza, Mbeya na Kenya zimeenguliwa kwa majina, kwa sababu hata `Presence` huwabakiza wanaofika Dar es Salaam mara kwa mara. Ya pili inalenga Oman, ina bajeti ndogo, na maneno yake yote yana "Dar es Salaam" ndani yake.

Palikuwa na mtego mmoja ambao nusura niuingie. Mteja alitaka duara la kilomita 50 kutoka Kariakoo, kisha aengue mkoa wa Pwani ili asihangaike na vijiji vya mbali. Eneo lililoenguliwa hulishinda lililolengwa kila yanapopandana, kwa hiyo Kibaha, anakopeleka mizigo kila wiki, ingezimika bila onyo lolote.

Ngazi ya wilaya sikuigusa kabisa. Simu inayotumia data mara nyingi hutambuliwa kwa anwani ya mtandao, na anwani hiyo huweza kuonyesha mji zilipo mitambo ya kampuni ya simu badala ya mahali alipo mwenye simu. Kumwengua mtu wa Temeke au Kigamboni kwa ushahidi wa aina hiyo ni kubahatisha.

Jambo la mwisho ni muda wa kupima matokeo. Google Ads huliandika uzo kwenye tarehe ya mbofyo, si tarehe ya malipo, na kwa kawaida huendelea kulingoja kwa siku 30. Kwa sababu hiyo, wiki mbili za mwisho katika ripoti yoyote huonekana dhaifu kuliko zilivyo, na anayelinganisha wiki moja kabla na wiki moja baada ya kuengua karibu kila mara atadhani ameharibu. Tulisubiri siku 45, tukaacha 30 za mwisho nje ya hesabu, ndipo tukagundua kwamba zilizobaki, siku 15, hazitoshi kuamua lolote. Tukasubiri tena mwezi mzima. Dada wa oda sasa anamuuliza kila mteja maswali mawili: mzigo unapelekwa wapi, na aliyeona tangazo yuko wapi.