Kiunzi cha insha si notisi zilizofupishwa

Wapo wanafunzi wanaoingia kwenye mtihani wakiwa wamesoma vizuri, na bado insha inawatoka vipandevipande. Mara nyingi kasoro imeanzia kwenye kiunzi, ile mistari michache inayoandikwa kabla ya insha yenyewe, au kwenye namna walivyokifanyia mazoezi.

Dhana: Ukifupisha notisi zako vizuri, umepata kiunzi.

Hii ndiyo inayopoteza alama nyingi, kwa hiyo nitaikalia. Chukua notisi za historia kuhusu chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Madaftari mengi yana vichwa vilevile: mashindano ya silaha, miungano ya kijeshi, ubeberu, utaifa, kisha mauaji ya mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria mjini Sarajevo. Mwanafunzi anavikariri kwa mpangilio huo. Siku ya mtihani anakutana na swali hili: "Baada ya mauaji ya Sarajevo, vita bado vingeweza kuepukwa. Jadili." Anamimina vichwa vyote vitano. Hakuna alichokosea, ila swali halijajibiwa, kwa sababu limeuliza yaliyotokea baada ya tarehe 28 Juni 1914, siku ya mauaji hayo.

Ukweli: Notisi hufuata mada, kiunzi hufuata swali. "Jadili" linataka pande mbili na uamuzi wako, kwa hiyo mstari wa kwanza wa kiunzi ni jibu lenyewe kwa sentensi moja. Ukishalipata ndipo unarudi kuchota kwenye notisi, na unachota kile tu kinacholibeba:

- Jibu: Vingeweza kuepukwa hadi mwishoni mwa Julai, baada ya hapo mipango ya majeshi iliwabana viongozi.
- Aya 1: Julai 5, Ujerumani yaiahidi Austria-Hungaria msaada. *Kwa hiyo* huu ulikuwa uamuzi, na ungeweza kuwa mwingine.
- Aya 2: Julai 23, Austria-Hungaria yaipa Serbia masharti makali na saa 48 za kujibu, Serbia yakubali mengi. *Kwa hiyo* nafasi ya mazungumzo ilikuwapo.
- Aya 3, upande wa pili: Julai 30, Urusi yaamuru jeshi lote likusanywe, mpango wa Ujerumani ulitegemea kasi. *Kwa hiyo* kusubiri kulionekana hatari.
- Aya 4: Miungano ilivieneza vita baada ya maamuzi ya Julai. *Kwa hiyo* si miungano iliyoyalazimisha.

Angalia hizo "kwa hiyo". Mstari usio nayo ni notisi iliyohamishwa tu, na aya itakayotokana nao itasimulia bila kujenga hoja. Ubeberu nimeuacha kabisa. Inauma kuacha kitu ulichokisoma usiku kucha, lakini hapa haukuulizwa.

Dhana: Pointi zikiwa nyingi, insha itakuwa nzito.

Ukweli: Mkono wako ndio unaoweka kikomo. Andika kwa mkono dakika 10 mfululizo juu ya jambo unalolijua, kisha hesabu maneno. Tuseme yametoka 150. Kwenye swali la dakika 45, ukitenga 6 za kiunzi na 4 za kupitia ulichoandika, zinabaki 35, yaani maneno kama 525. Hapo panaenea utangulizi mfupi, aya nne zenye maelezo, na hitimisho. Kiunzi cha pointi nane kitakuachia sentensi tatutatu kwa kila pointi, na za mwisho hutazifikia. Pima kasi yako mwenyewe, kisha uamue idadi ya aya kabla hujaanza mazoezi.

Dhana: Ni salama kufanya mazoezi notisi zikiwa wazi mpaka uzoee.

Ukweli: Zikiwa wazi, unazoea kunakili. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma habari waliikumbuka vizuri zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuikumbuka ndio waliofanya vizuri zaidi. Mtihani hauji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo funga daftari, weka saa dakika 6, andika kiunzi. Saa ikilia, acha hata kama mstari haujaisha. Ndipo ufungue notisi na ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ndiyo matokeo yako. Ikiwa imejaza tarehe na majina, kumbukumbu ndiyo dhaifu, rudi ukasome sehemu hiyo. Ikiwa imejaza zile "kwa hiyo", mambo unayajua ila hujayafikiria dhidi ya swali, na kusoma tena hakutakusaidia. Hapo andika swali jingine juu ya notisi zilezile, kwa mfano "Linganisha wajibu wa Ujerumani na wa Urusi katika kuzuka kwa vita", halafu uanze upya na dakika 6. Linganisha viunzi viwili hivyo: vikifanana mstari kwa mstari, bado unaandika mada.