Hesabu mazungumzo yasiyojibiwa, usihesabu jumbe

Jijini Dar es Salaam kila mwenye simu anaijua meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ninafanya kazi kwenye programu ya simu ambamo wauzaji, wanunuzi na madalali wa nyumba wanaandikiana bila kufahamiana, na meseji za aina hiyo ndizo zinazonipa kazi. Tapeli hahitaji kujibiwa na wengi. Akiwafikia watu elfu, wawili tu wakanasa, siku yake imelipa. Kwa hiyo anachokitegemea ni wingi wa jumbe za kwanza, na hapo ndipo pa kumbana.

Kikomo cha kawaida, kwa mfano jumbe 50 kwa saa, hakimbani yeye. Kinambana mama wa Kariakoo anayeuza vitenge, ambaye wateja wake humwandikia kwa mkupuo naye huwajibu wote. Kujibu kusihesabiwe kabisa. Kinachohesabiwa kiwe kumwandikia mtu ambaye hujawahi kuongea naye.

Njia ninayoiamini ni salio. Kila akaunti inaanza na nafasi 10. Ukimwandikia mtu mpya, nafasi moja inakatwa. Inarudi yenyewe polepole, moja kila baada ya saa tatu, lakini mtu huyo akikujibu inarudi papo hapo.

```
salio = min(10, salio + saa_zilizopita / 3)
if salio >= 1:
    salio -= 1
    peleka(ujumbe)

# akijibiwa
salio = min(10, salio + 1)
```

Chukua kijana anayetafuta chumba Sinza. Anawaandikia madalali 10, sita wanajibu, anapata nafasi sita. Anaandika tena, wanajibu watatu au wanne, na kuendelea hivyo. Akijibiwa na sita katika kila kumi, nafasi zake 10 zinamfikisha kwa watu wapatao 25, kwa sababu 10 / (1 − 0.6) = 25. Tapeli anayejibiwa na wawili katika kila mia anaishia 10, labda 11. Kanuni ni ileile kwa wote wawili, na hakuna aliyesoma meseji zao.

Nafasi zinazorudi kwa muda zinampa tapeli watu wanane kwa siku, basi. Ukiharakisha ziwe moja kila saa, umempa 24, na akiwa na laini nyingi kazi yake imerudi. Ile 10 ya mwanzo nisingeipunguza, kwa sababu anayetafuta chumba usiku majibu yake yanakuja asubuhi, na hadi hapo anaishi na alichonacho.

Matapeli wakishaielewa kanuni hii wanafungua akaunti za kujibizana wenyewe ili salio lisiishe. Ndiyo maana jibu lirudishe nafasi tu kama anayejibu ana mazungumzo yake mengine na watu wasiohusiana na akaunti hiyo. Vilevile, jibu la "usinisumbue" likifuatiwa na kumzuia mwandishi lisihesabiwe kuwa jibu. Hapo mimi hukata nafasi mbili.

Salio lifungwe kwenye akaunti na namba ya simu iliyothibitishwa, si kwenye anwani ya IP. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo ukifungia anwani ya tapeli mmoja umewafungia na watu wa Mbagala na Tegeta wasiomjua. Picha za kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu nazo sizipendi: zinakula bando, na kwenye simu ndogo hazionekani vizuri. Kizuizi kinachofaa zaidi ni kiungo au namba ya simu ndani ya ujumbe wa kwanza kutobonyezeka mpaka mpokeaji ajibu. Mnunuzi wa kweli hata hatambui.

Salio likiisha, mwambie mtu ukweli wote: "Umewaandikia watu wengi ambao bado hawajajibu. Unaweza kuendelea na waliokujibu. Nafasi nyingine itafunguka saa 9:40 alasiri." Tapeli hafaidiki na maelezo hayo, lakini kijana wa Sinza anajua asubiri hadi lini, na hafuti programu.

Utajuaje kama kikomo kinaumiza wasio na hatia? Wingi wa waliozuiwa haukuambii lolote. Kati ya kila mia wanaogonga ukuta, mwachie mmoja apite, achaguliwe kwa bahati nasibu, kisha angalia jumbe zake zinajibiwa kiasi gani. Wakijibiwa wachache kama wanavyojibiwa matapeli, kikomo kiko sawa. Wakijibiwa karibu sawa na watumiaji wengine, umekuwa ukiwazuia wateja. Ongeza ile 10, usiguse saa tatu. Pima wageni peke yao, wiki ya kwanza ya akaunti, kwa kuwa wastani wa wote huwaficha, na wao ndio wenye watu wengi wa kuwaandikia kwa mara ya kwanza.