Mshahara wa kwenye tangazo ni wa haki au la?

"Nimeona tangazo la kazi ya uhasibu hapa Dar, mshahara wameandika 800,000. Nitajuaje kama ndiyo bei ya kazi hiyo au wananipunja?"

Anza na kazi yenyewe kabla hujagusa fedha. Neno "mhasibu" hubeba watu wengi. Yupo anayeandika risiti na kupeleka fedha benki, na yupo anayefunga hesabu za mwaka, anayeandaa ritani za TRA na kukaa na wakaguzi. Soma majukumu, miaka ya uzoefu, na kama wanataka CPA ya NBAA. Ukilinganisha mshahara wa mwenye CPA na wa mtunza risiti kwa sababu tu wote wanaitwa wahasibu, jibu lako litakuwa bovu hata kama namba zote ni za kweli.

Sasa tafuta namba. Matangazo ya serikali hutaja ngazi, kama TGS D, na ngazi hiyo ina kiwango chake. Kampuni nyingi binafsi hazitaji kitu, kwa hiyo chanzo kikubwa ni watu: uliosoma nao, waliowahi kushika nafasi kama hiyo, wanaoajiri. Kwetu kumuuliza mtu "unalipwa shilingi ngapi?" ni kumvua nguo. Muulize hivi: "Kaka, mhasibu wa miaka mitatu kwenye kampuni ya saizi hii hulipwa kati ya ngapi na ngapi?" Hapo hujagusa slipu yake, na mara nyingi atakujibu. Kisha ongeza swali la pili, ambalo wengi hulisahau: namba hiyo ni kabla ya makato au ni ya mkononi?

Swali hilo la pili ndilo linaloamua kila kitu. Tuseme umepata namba saba. Sita ni za kabla ya makato: 700,000, 850,000, 900,000, 1,000,000, 1,100,000 na 2,400,000. Ya saba ni 650,000 ya mkononi. Usiichanganye na wenzake ikiwa hivyo. Kwa viwango vya kodi vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, na mchango wa NSSF wa asilimia 10 kwa mfanyakazi, anayepokea 650,000 mkononi ana mshahara wa kama 786,000 kabla ya makato. Ndiyo namba ya kuandika.

Zipange sasa kuanzia ndogo. Ukitafuta wastani utapata kama 1,105,000, na utaona unaonewa. Lakini itazame ile 2,400,000: imetoka shirika la kimataifa, na yenyewe peke yake imewavuta wenzake wote juu. Mimi huwa naangalia namba iliyo katikati ya mstari, ya nne kati ya saba, ambayo hapa ni 900,000. Shirika la kimataifa hata likilipa mara mbili zaidi, katikati haisogei. Kwa sababu hiyohiyo usizitegemee sana tovuti zinazotoa wastani mmoja wa nchi nzima, maana huoni nani kawekwa humo na ni wa mwaka gani.

Rudi kwenye tangazo. Kama 800,000 ni kabla ya makato, NSSF inachukua 80,000. Kodi inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki, nayo ni 60,000. Unabaki na 660,000. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa pia. Ikiwa 800,000 yote ni mshahara wa msingi, hiyo ni 120,000, na mkononi inafika 540,000. Ofa hii iko chini ya katikati, ingawa haijatoka nje ya mstari.

Kama 800,000 ni ya mkononi kabla ya deni la mkopo, mshahara kamili ni kama 1,004,000, na sasa uko juu ya katikati. Tangazo ni lile lile na namba ni ile ile, ila hukumu imegeuka. Ndiyo maana namba iliyoandikwa peke yake haitoshi kuukubali wala kuukataa mshahara. Piga simu au andika uulize, kisha hakikisha jibu limeingia kwenye mkataba, mshahara wa msingi ukiwa umetajwa mbali na posho.

Na wakikuambia ni ya mkononi, uliza kama NSSF inapelekwa. Wapo wanaokupa 800,000 kamili bila kuchangia chochote. Kwa mshahara wa 1,004,000, mchango wako na wa mwajiri kwa pamoja ni asilimia 20, yaani kama 200,000 kila mwezi ambazo hazitaingia kwenye akaunti yako ya NSSF. Ofa ya namna hiyo ipime kama 800,000 tupu.