Sharja ya wati 65 haijazi pawabanki kwa saa moja

"Pawabanki yangu ni 20,000 mAh, sharja ni wati 65, si itajaa ndani ya saa moja tu?"

Hapana yaya, itachukua karibu masaa sita. Ile 65 njo mwisho wa kile sharja inaweza kutoa, lakini yenye inaamua ni pawabanki. Igeuze usome maandishi madogo: kama kwa Input iko 9V 2A, zidisha, ni wati 18, hata uichomeke ku sharja kubwa namna gani haitavuta zaidi.

Sasa hesabu. mAh peke yake haitoshi, juu seli za ndani ziko za volti 3.7, basi 20,000 mAh, ni kusema 20 Ah, mara 3.7 ni 74 Wh, njo umeme wote inabeba. Ukigawa na 18 unapata masaa 4 na kidogo lakini usisimame hapo, iguse wakati inachaji utasikia joto, ule ni umeme unapotea, toa asilimia 20 hivi:

```
74 ÷ (18 × 0.8) = 5.1
```

Na ikikaribia kujaa inapunguza kuvuta, ongeza nusu saa ao zaidi. Kwa hiyo hapa Goma umeme ukirudi saa tano usiku ukakatika saa tisa, utaikuta imepita robo tatu kidogo tu, na haijaharibika.