Je, wajua kwa nini mteja aliyefurahi hukaa kimya?

*"Kazi ameisifu, pesa amemaliza kulipa. Kesho yake nimemwandikia kuhusu huduma yetu nyingine, hajajibu mpaka leo. Kwa nini?"*

Kwa sababu ya hiyo "kesho yake". Mteja aliyetoka kulipa haisomi barua hiyo kama habari ya huduma mpya. Anaisoma kama maelezo ya ziada kuhusu kazi aliyokabidhiwa jana.

Mimi nililielewa hili kwa kuumia. Nafunga umeme wa jua, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba chuma hufuliwa kingali moto: ukisifiwa tu, hapohapo taja huduma inayofuata. Mara moja, asubuhi ya siku iliyofuata makabidhiano ya kazi kwenye nyumba ya wageni, nilimwandikia mwenye nyumba barua pepe nzuri kabisa. Shukrani juu, chini yake orodha: hita za maji, taa za nje, kamera za ulinzi, matengenezo ya mwaka. Jibu lilikuja na swali moja tu: "Kwani hiyo inverta mliyonifungia haiwezi kubeba shawa?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake tulishalizungumza mwanzoni. Shawa moja ya umeme inakula kilowati 5.5 na inverta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani, ilikuwa ya kilowati 5, kwa hiyo shawa zote tuliziacha kwenye umeme wa Tanesco kwa makubaliano. Ila barua yangu ilimfanya aione ile inverta kuwa ndogo. Nilikuwa nimeitia doa kazi yangu mwenyewe, bila kuulizwa.

Mfikirie fundi cherehani. Unakwenda kuchukua suti, unalivaa koti, unajitazama kwenye kioo, unalipa. Anapokukabidhi mfuko anasema: "Lingependeza zaidi likiwa na bitana." Hata kama ni kweli, unachosikia ni kwamba koti halijakamilika, na alijua tangu siku ya vipimo. Sasa fundi huyohuyo umkute baada ya mwezi: "Suruali yako inaanza kusuguka pale unapokalia, nimeiona. Kitambaa kilekile kilibaki mita moja na nusu, na vipimo vyako ninavyo. Nikushonee ya pili?" Huyu hajaligusa koti. Ameanzia kwenye kitu ambacho matumizi yako yamekionyesha, kisha akakupa sababu ambayo fundi mwingine hana: kitambaa kilichobaki na vipimo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, tafuta kitambaa kilichobaki. Kwenye kazi yoyote kipo kitu ambacho kazi ya kwanza imekiacha au imekifichua, na ni wewe tu uliyekaa karibu nacho.

Nyumba nyingine ya wageni, hii ya Lushoto, ina vyumba sita na mfumo wa ukubwa uleule. Safari hii nilisubiri wiki sita. Sisemi wiki sita ni kanuni. Nilitaka tu mwezi mmoja kamili wa Luku wa kulinganisha na wa nyuma, na kazi yako inaweza kuwa na mzunguko mwingine. Nilipofungua kumbukumbu za inverta nikakuta jambo la kuchekesha: karibu kila siku betri zilikuwa zimejaa ifikapo saa saba mchana. Baada ya hapo inverta inazibana paneli, kwa kuwa umeme hauna pa kwenda. Jua la alasiri linazipiga paneli zilizolala, halafu saa moja jioni wageni wanawasha shawa kwa umeme wa kununua. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Nikaandika hivi, kichwa cha barua kikiwa "Umeme unaobaki mchana, na shawa za jioni":

> Shikamoo Mama,
>
> Uniti za Luku zimeshuka kutoka 620 hadi 310 kwa mwezi, kama tulivyotarajia. Katika hizo 310 zilizobaki, nakadiria 264 ni za shawa: watu 12 kwa siku, dakika nane kila mmoja. Tuliziacha nje ya mfumo kwa makusudi na uamuzi ule bado ni sahihi.
>
> Nimeona kwamba betri zinajaa saa saba, na umeme wa baada ya hapo hautumiki. Hita ya tenki ya lita 200 yenye elementi ya kilowati 2, ikiwekewa taima iwake kuanzia saa saba hadi saa kumi, itachemsha maji kwa umeme huo. Tukitoa joto linalopotea kwenye tenki, utaokoa kama uniti 150 kwa mwezi, yaani takriban Sh 53,000. Gharama ni Sh 2,400,000, na sehemu kubwa ni mabomba ya kufika vyumba vyote. Itajilipa kwa karibu miaka minne vyumba vikijaa. Vikijaa nusu tu, itachukua muda mrefu zaidi. Miezi ya ukungu, Juni na Julai, shawa za sasa zitaendelea kusaidia, kwa hiyo tusizing'oe.
>
> Alhamisi napita kukagua betri kama tulivyopanga. Nipime na njia ya mabomba, kama nusu saa?

Sentensi iliyonitoa jasho ni ile ya "uamuzi ule bado ni sahihi". Ndiyo inayoilinda kazi ya kwanza. Ukiiondoa, swali la inverta ndogo linarudi palepale. Hesabu nayo iko wazi kiasi kwamba mteja anaweza kuikagua mwenyewe: kilowati 5.5 kwa dakika nane ni uniti 0.73, mara 12, mara siku 30. Makadirio yako kuhusu watu 12 yakiwa na kosa, atakusahihisha, na tayari mnazungumza. Ombi la mwisho nalo ni dogo na linajibika kwa neno moja. Zamani nilikuwa namalizia kwa "tunasubiri maoni yako", na maoni ni kazi ya nyumbani ambayo mtu mwenye wageni hana muda nayo.

Huduma iliyotajwa ni moja. Kamera sikuzigusa, ingawa tunazifunga, kwa kuwa hakuna kitu kwenye ile kazi kilichoniambia chochote kuhusu ulinzi.

Kusubiri kuna mipaka yake. Ukikuta waya wa ethi haujaunganishwa au nyaya za zamani zinapata moto, mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo kwa simu, na usiambatanishe bei. Halafu angalia unamwandikia nani: mara nyingi anayesifu kazi ni meneja, na anayenunua Luku ni mwingine kabisa. Hesabu ya akiba ikimfikia asiyelipa, itapokewa kwa "ahsante, tutawasiliana".

Mama wa Lushoto alijibu jioni ileile. Alisema wageni wake wa kati ya wiki ni wachache kuliko nilivyodhani, saba au wanane. Kwa hesabu hiyo tulipima mabomba ya vyumba vinne, vile vilivyo upande mmoja na tenki, na viwili vya nyuma vikabaki na shawa zake.